Nani Alikuwa Hapo?

Picha ilikuwa ya mwanamume aliyevaa ovaroli ya buluu, ameegemea ukuta, anatabasamu. Chini yake kulikuwa na maneno kwa herufi kubwa: HUYU MTU ANAIBA WATOTO. ANAJIFANYA FUNDI WA MABOMBA. TUMA KWA KILA MZAZI UNAYEMJUA.

Mimi si mzazi. Lakini niliituma kwa magrupu matatu: la ploti yetu, la mabinamu, na la chama cha mamangu, ambalo nilikuwa nimeingizwa ili niwasaidie kuandika ripoti zao. Nilitumia muda mfupi kuliko ule ninaotumia kuchagua emoji. Kisha nikarudi kupika ndengu.

Kesho yake saa kumi na moja jioni, Fundi alikuja mtaani kwetu kurekebisha tangi. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka miwili. Watu waliomzunguka walikuwa watu anaowajua, wengine alikuwa amewatengenezea sinki. Keateka alimvuta ndani ya kile kichumba cha mita za maji, akafunga kufuli kwa nje, akasimama mlangoni na rungu hadi polisi walipofika. Fundi alitoka na mkono uliovunjika. Hakurudi tena mtaa ule. Baadaye tulisikia kwamba alikuwa na ugomvi na mteja mmoja kuhusu deni la shilingi 1,800, na picha ilikuwa ile ile aliyoweka kwenye WhatsApp yake ili wateja wamtambue.

Sikumpiga mtu. Hiyo ndiyo sentensi niliyojiambia kwa miezi kadhaa.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma kulipika. Tangu hapo naandika kwa malipo: magodoro, bima, mitandao ya watu walio na biashara lakini hawana maneno. Kwa hiyo maktaba ndogo ya mtaa iliponiomba nichukue darasa la Jumamosi la kuwafundisha vijana kuchuja habari za mitandaoni, nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa elfu moja kwa kipindi. Ya pili ilikuwa Fundi, na hiyo sikumwambia mtu.

Walikuja kumi na wanne, wengi wa kidato cha pili. Waliniita Tichee.

Jumamosi ya kwanza nilifeli. Nilikuwa nimechapisha karatasi yenye maswali kumi na mawili, aina ile inayofundishwa sana: Je, tovuti ina jina la mwandishi? Ina tarehe? Ina makosa ya tahajia? Inaishia na .org? Ina ukurasa wa "About"? Wakatia vema kwa penseli kama watu wanaofanya mtihani. Halafu nikawapa kurasa mbili, mmoja wa kweli na mwingine wa matapeli wa ajira za ng'ambo. Ukurasa wa matapeli ulipata vema kumi na moja. Ule wa kweli, wa ofisi ya serikali ambayo haijawahi kusikia habari ya rangi nzuri, ulipata sita.

Kijana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akaniuliza, bila dharau, "Sasa Tichee, si hao matapeli pia wanaweza kusoma hii karatasi?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Jibu lake lilikuwa ndiyo. Kila kitu kwenye karatasi yangu ni kitu ambacho mwenye ukurasa anaweza kukinunua au kukiandika mwenyewe. Anwani ya .org inauzwa kwa yeyote. Jina la daktari unaweza kulibuni. Nilikuwa nawafundisha kumhoji mshukiwa kisha waamini majibu yake.

Usiku huo nilisoma kuhusu utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford ambao, kama mtu aliyeacha chuo, nilikiri kuufurahia kupita kiasi. Sam Wineburg na Sarah McGrew waliwaweka watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamifu, wanafunzi 25 wa Stanford, na watu 10 ambao kazi yao ya kila siku ni kuhakiki habari. Kati ya kazi walizopewa, moja ilikuwa kulinganisha kurasa mbili za vyama vya madaktari wa watoto wa Marekani. Kimoja ni American Academy of Pediatrics, chama kikubwa chenye zaidi ya wanachama 60,000. Kingine ni American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa mgogoro kuhusu wapenzi wa jinsia moja kulea watoto wa kuasili. Majina yanafanana kama mapacha, na kurasa zote mbili zinapendeza.

Wengi wa wale wanafunzi waliona kikundi kidogo ndicho cha kuaminika zaidi. Wanahistoria nao, watu wanaoishi kwa kuchambua hati, wengi wao walitatizika. Walisoma ukurasa kwa makini kutoka juu hadi chini. Wahakiki hawakufanya hivyo. Walitazama kidogo, wakaondoka kwenye ukurasa, wakafungua tabo nyingine, wakauliza dunia: hawa ni akina nani? Watu wengine wanasema nini kuwahusu? Walipata jibu haraka kwa sababu hawakukaa pale walipoambiwa wakae. Watafiti waliita njia hiyo kusoma kando.

Jumamosi ya pili niliacha karatasi nyumbani. Nikawauliza, "Ukitafuta nyumba ya kupanga, nani anakuambia kama maji hupotea?"

"Mama mboga wa getini," wakajibu kwa pamoja.

"Kwa nini si landilodi?"

Walicheka. Hakukuwa na haja ya kuendelea kueleza. Landilodi atakuonyesha mfereji unaotiririka siku hiyo. Mama mboga hana nyumba ya kukuuzia. Ukurasa ni landilodi. Tabo ya pili ni mama mboga.

Tulifanya mazoezi ya dakika mbili mbili. Kila kikundi kilipewa simu moja, jina moja la ukurasa, na kanuni moja: hukubaliwi kusoma zaidi ya mistari mitatu ya ukurasa wenyewe. Unaandika jina lake kwenye kisakuzi, unaongeza neno kama "scam" au "fact check", na kabla hujabonyeza chochote unasoma orodha ya majibu yote. Hapo ndipo wengi huteleza. Wanabonyeza jibu la kwanza, ambalo mara nyingi ni ukurasa uleule unaojisifu, na wamerudi kwa landilodi bila kujua. Nilikuwa nawaambia waweke mikono chini ya meza wanaposoma orodha. Ilisaidia kuliko hotuba yoyote niliyokuwa nimeandaa.

Jumamosi ya tatu nilileta video.

Niliichagua kwa sababu ilikuwa ya mbali, na kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuleta ile picha ya karibu. Inaonekana kama imechukuliwa na kamera ya ulinzi. Watoto wanacheza barabarani. Pikipiki yenye watu wawili inapita, inageuka, inarudi. Mmoja anamnyakua mtoto mdogo, wanaondoka kwa kasi. Watoto wengine wanakimbia nyuma yao. Mwisho.

Niliwaonyesha mara moja tu, bila sauti, kisha nikawaambia tujifanye imeingia kwenye grupu la wazazi ikiwa na maneno "Imetokea jana karibu na steji. Tuma haraka." Darasa lilinyamaza. Msichana mmoja aliye na mdogo wake wa miaka mitatu alikuwa ameshika shavu. Nikawaambia waandike kitu kimoja tu: mwili wako unahisi nini? Waliandika moto kifuani, hasira, kutaka kumpigia mama. Nikawaambia hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kusimama. Hofu yako haithibitishi kwamba video ni ya uongo. Lakini mkono wako umeshaanza kutafuta kitufe, na mtu aliyeandika "tuma haraka" alijua utafanya hivyo.

Kisha tukaanza kazi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutazama mishale. Tangu 2018 WhatsApp huweka alama kwenye ujumbe uliofowadiwa, na tangu 2019 huweka mishale miwili na maneno "Forwarded many times" ukiwa umepita mikono mitano au zaidi. Ukiona mishale miwili, ujue aliyekutumia si shahidi. Yeye ni bomba tu. Lakini kijana wa dirishani, ambaye nilikuwa nimeanza kumtegemea, akauliza kama kukosa mishale kunamaanisha ujumbe ni halisi. Tukajaribu. Alinakili maneno ya ujumbe, akayabandika upya, akamtumia jirani yake. Mishale ilikuwa imepotea. Kwa video, ukiihifadhi kwenye simu na kuituma kama yako, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mishale miwili inakuambia kitu, lakini kukosekana kwake hakukuambii chochote.

Hatua ya pili ilikuwa kutazama ndani ya fremu. Niliwauliza wanaona nini kinachosema ni Nairobi na nini kinachokataa. Mmoja akasema magari yanatumia upande wa kushoto, kwa hiyo ni Kenya. Nikamwambia Pakistan na India pia wanaendesha kushoto, na Uganda, na Afrika Kusini. Kidokezo kinachofaa nchi nyingi hakikuambii chochote kuhusu moja. Kisha yule mwenye mdogo wake akasogeza uso karibu na skrini.

"Tichee, hawa watoto wanacheza kriketi."

"Na?"

"Nani anacheza kriketi kwa mtaa wetu?"

Darasa lilipiga makofi, na alistahili. Kidokezo hicho peke yake hakithibitishi mahali. Lakini kilimpa sababu ya kutia shaka neno "steji", na kikatupa neno la kutafutia.

Hatua ya tatu ni kuipata picha inakotoka. Huwezi kuipa Google video nzima ya WhatsApp, kwa hiyo unaisimamisha na kupiga skrinishoti. Hapa uchaguzi wa fremu ni muhimu. Kikundi cha kwanza kilichukua fremu ya kunyakuliwa, kwa sababu ndiyo inayotisha, lakini ilikuwa ukungu mtupu na Google Lens ikawaletea picha za pikipiki zinazouzwa. Kikundi cha pili kilichukua fremu ya mwanzo, barabara ikiwa wazi na watoto wametawanyika. Wakakata pembeni zile alama na maandishi yaliyoongezwa na watu waliopitisha video, maana mashine husoma hayo maandishi badala ya picha. Wakati huohuo kikundi cha tatu kiliandika kwa Kiingereza maneno ya kawaida kabisa: video, watoto, kriketi, pikipiki, kutekwa, na "fact check" mwishoni. Hicho ndicho kilichoshinda. Maneno ya kawaida ni chombo duni machoni, lakini kwa video iliyosambaa sana hufika haraka kuliko picha.

Walichokipata kiliwanyamazisha kuliko video yenyewe.

Ile video ni tangazo. Lilitengenezwa kwa ajili ya Roshni Helpline, shirika la Karachi, Pakistan, linalosaidia kutafuta watoto waliopotea. Katika tangazo kamili, baada ya kumnyakua mtoto, wale watu wawili wanarudi na pikipiki, wanamshusha salama, na mmoja anainua bango linaloeleza kwamba kumteka mtoto katika mitaa ya Karachi huchukua muda mfupi tu. Mtu fulani alikata sekunde hizo za mwisho. Hakuongeza hata picha moja. Alipunguza tu, na tangazo la kulinda watoto likageuka ushahidi wa wizi wa watoto.

Mwaka 2018 kipande hicho kilichokatwa kilisambaa India pamoja na jumbe zinazosema genge la wezi wa watoto limeingia mjini. Mwezi Mei, huko Bengaluru, umati ulimuua mwanamume aliyekuwa ametoka Rajasthan kutafuta kazi. Tarehe 1 Julai, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, uvumi wa aina hiyohiyo ulisababisha watu watano kupigwa hadi kufa. Kwa ujumla zaidi ya watu ishirini waliuawa nchini humo katika mawimbi hayo. Mwezi huo wa Julai WhatsApp ilianza kupunguza India idadi ya wanaoweza kufowadiwa ujumbe kwa mara moja hadi watano, na Januari 2019 ikaifanya kanuni hiyo kuwa ya dunia nzima. Kwa hiyo ukijaribu kutuma kitu kwa magrupu saba na simu ikakukatalia, sababu mojawapo ni watu hao.

Mtu mmoja akauliza wale waliofowadi walifanywa nini. Nikasema sijui kuhusu wale. Kisha, kwa sababu kimya kilikuwa kirefu na nilikuwa nimechoka kukibeba, nikawaambia kuhusu Fundi.

Sikupamba. Nikawaambia magrupu matatu, ndengu, kile kichumba cha mita. Nikawaambia pia kitu nilichokifanya baadaye, ambacho ndicho hatua ya nne na ninayoiamini zaidi. Nilirudi nyuma. Mimi nilikuwa nimepata ile picha kwa jirani wa ghorofa ya pili. Nikamuuliza, "Uliitoa wapi?" Akasema kwa dadake. Dadake akasema kwa grupu la shule ya mtoto. Aliyeituma huko akasema kwa mteja wake wa saluni. Mteja wa saluni akasema, "Si ilikuwa kila mahali?" Watu watano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona mtoto yeyote akiibwa. Hakuna aliyejua jina la mtoto, wala la mzazi, wala shule. Kazi hiyo ilinichukua kama dakika arubaini na kredo ya shilingi hamsini. Ningeifanya siku moja mapema.

"Lakini Tichee," kijana wa dirishani akasema, "Fundi hayuko Google."

Hiyo ndiyo sentensi bora iliyosemwa katika darasa lile, na haikuwa yangu. Video ya Karachi ilipatikana kwa sababu ilikuwa maarufu na watu walikuwa wameshaandika kuihusu. PesaCheck na Africa Check huhakiki madai ya wanasiasa na video zilizoenea. Hawatahakiki fundi wa mabomba wa ploti yetu kabla ya saa kumi na moja jioni. Picha yake ukiitafuta hupati kitu, na kukosa kitu si ushahidi kwamba ni mwizi, wala kwamba si mwizi. Ujumbe wa sauti hauna hata fremu ya kukata.

Kwa hiyo tuliandika ubaoni majibu matatu badala ya mawili: kweli, uongo, sijui. Tukakubaliana kwamba "sijui" ni jibu kamili, na kwamba lina kazi yake. Ukiwa na "sijui", hufowadi. Ukiwa na "sijui" na jambo ni la karibu na huenda mtoto yuko hatarini, unampigia mtu mwenye miguu mahali hapo: keateka, mwalimu, mzee wa mtaa, kituo cha polisi. Unamuuliza aliyekutumia swali moja, kwa adabu: nani alikuwa hapo?

Adabu ni sehemu ya mbinu. Tulifanya igizo, mmoja akiwa shangazi ametuma onyo kwenye grupu la familia. Kijana wa kwanza alijibu "Fake news, shosh, wacha kusambaza uongo," na shangazi wa igizo akamwondoa kwenye grupu, watu wakacheka. Wa pili alimwandikia pembeni, si mbele ya watu: "Shikamoo aunty, nimeshtuka sana. Hii imetokea wapi, tuwapigie?" Shangazi alifikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti yake halisi, "Hapo ningeifuta mwenyewe."

Kuna tatizo moja ambalo bado sijalitatua. Baada ya wiki ya nne wawili kati yao walianza kukataa kila kitu. Niliwaonyesha taarifa ya kweli kuhusu chanjo, wakasema, "Hiyo pia wameedit." Nilikuwa nimewafundisha kushuku na wakadhani huko ndiko kufika. Mtu anayekataa kila kitu hajahakiki chochote, sawa tu na anayeamini kila kitu, ila yeye hujiona mjanja. Sasa kila kipindi naweka madai matatu, na angalau moja lazima liwe la kweli, na anayeliita uongo bila kufungua tabo ya pili hapati alama.

Wiki iliyopita kwenye grupu la chama, mwanachama mmoja alituma picha ya kijana aliyevaa kofia. Anaingia kwa nyumba za watu akijifanya wa waifai. Tuma. Mishale miwili.

Simu ya mamangu ilikuwa mkononi mwake, kidole juu ya kitufe. Nilikuwa jikoni. Sikusema kitu, kwa sababu nilitaka kuona.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaandika polepole, herufi moja moja, ujumbe ambao niliusoma baadaye: "Asante mama. Huyu kijana nani alimwona? Nyumba gani?"

Ilipita dakika kumi. Aliyetuma akajibu kwamba yeye pia aliletewa tu. Picha haikufutwa, na sijui mangapi yalikuwa yameshaituma kabla ya hapo. Lakini kwenye grupu letu ilikomea pale, na jioni ile yule kijana, awe nani, huenda alipanda ngazi za ploti fulani na waya wake begani na hakuna aliyegeuka kumtazama.